Mgonjwa Akijibu "Hapana Shida"

Kliniki ya meno yenye kiti kimoja haina pa kufichia nafasi iliyopotea. Kwenye hospitali kubwa mgonjwa mmoja asipotokea, foleni inasogea na daktari anamwita anayefuata. Kwenye kiti kimoja, aliyepangiwa saa 4:00 asipofika, daktari anakaa, msaidizi wake anakaa, vifaa vilivyokwisha kutakaswa vinasubiri, na yule mama aliyeambiwa juzi kwamba Alhamisi imejaa anaendelea kumeza vidonge vya maumivu nyumbani kwake. Nafasi ilikuwepo. Hakuna aliyejua kwamba ipo.

Kwa sababu hiyo kliniki nyingi ndogo siku hizi hutuma ujumbe mfupi wa simu kumkumbusha mgonjwa miadi yake, na kumwomba ajibu NDIYO au HAPANA. Kwamba ujumbe wenyewe unasaidia, hilo limepimwa. Mwaka 2013 mtandao wa kitabibu wa Cochrane ulichapisha mapitio ya majaribio manane ya kuwakumbusha wagonjwa miadi yao kwa SMS. Waliofika bila kukumbushwa walikuwa takriban 68 katika kila 100, na waliokumbushwa kwa SMS walikuwa takriban 79. Kupiga simu kulifanya vizuri zaidi kidogo tu, lakini kwa gharama kubwa zaidi.

Kutuma, basi, ni nusu nyepesi ya kazi. Nusu nzito ni ile inayoanza simu ya mapokezi inapolia na majibu kuanza kuingia. Watu wengi hudhani hapo hakuna kazi: ndiyo ni ndiyo, hapana ni hapana, weka alama kwenye daftari uendelee. Aliyewahi kukaa mapokezi asubuhi moja akisoma majibu hayo anajua kwamba wagonjwa wengi hawajibu kwa neno moja. Wanajibu kama watu wanavyozungumza, na Kiswahili chetu kina namna nyingi za kukubali na kukataa ambazo hazimo kwenye maelekezo ya ujumbe.

Tuanze na ujumbe wenyewe, maana jibu bovu mara nyingi huzaliwa na swali bovu. Ujumbe mzuri kwa kliniki ya aina hii unaweza kuwa hivi:

"Kliniki ya Meno: Tunakukumbusha miadi yako ALHAMISI tarehe 14, saa 3:30 asubuhi. Utafika? Jibu NDIYO au HAPANA. Kupiga simu ni namba hii hii."

Kila kipande hapo kina sababu yake. Siku imeandikwa kwa jina na tarehe, wala halikutumika neno "kesho". Simu ikiwa imezimwa usiku kucha kwa kukosa chaji, ujumbe uliotumwa Jumatano jioni utaingia Alhamisi asubuhi, na "kesho" ya Alhamisi ni Ijumaa. Mgonjwa atajibu NDIYO kwa moyo mweupe na atakuja siku moja baadaye.

Saa nayo imeandikwa kwa hesabu yetu. Programu nyingi za kupanga miadi zimetengenezwa kwingine, na ndani yake miadi ya saa tatu na nusu asubuhi huandikwa 09:30. Programu ikiachwa iandike ujumbe yenyewe itatuma "saa 9:30", na mgonjwa atafika saa tisa na nusu alasiri akiwa na ujumbe mkononi unaomthibitisha kuwa yeye ndiye yuko sahihi. Dawa yake ni kuondoa saa sita kabla ya kutuma na kuongeza neno la kipindi: asubuhi, mchana, alasiri. Bila neno hilo, hata hesabu ikiwa sahihi shaka inabaki.

Swali limeulizwa kwa kukubali: "Utafika?" Hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Ukimwuliza Mswahili "Hutafika?" naye akajibu "Ndiyo", amekubaliana na ulichosema, kwamba hatafika. Mwingine akijibu "Hapana" kwa swali lilelile, anakusahihisha: atafika. Ujumbe ulioandikwa kwa adabu nyingi, kama "Je, huna tatizo na miadi yako?", unageuza kila jibu kuwa fumbo, na hakuna kompyuta wala karani atakayelifumbua kwa uhakika.

Kisha kuna urefu. SMS moja hubeba herufi 160, na Kiswahili kina bahati kwamba herufi zake zote zimo katika orodha ya kawaida ya mitambo ya simu. Lakini ukiandika ujumbe kwenye programu ya kuchapia barua kisha ukaunakili, alama ile ya kwenye neno kama kung'oa hugeuzwa kuwa koma iliyopinda. Hiyo iliyopinda haimo kwenye orodha. Ikiwemo moja tu, ujumbe mzima hubadilishwa namna ya kusafirishwa, na nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ujumbe mmoja unakuwa miwili au mitatu, na bili inaongezeka bila mtu kujua sababu. Tumia alama iliyonyooka, au chagua maneno yasiyoihitaji.

Jambo la mwisho kuhusu kutuma huwaangusha wengi mwanzoni. Kampuni zinazotuma SMS nyingi kwa niaba ya biashara humpa mteja nafasi ya kuweka jina lake mahali pa namba, na jina hupendeza. Ila ujumbe uliotoka kwa jina haujibiki. Mgonjwa akiandika NDIYO na kubonyeza kutuma, simu yake itamwambia imeshindikana, au jibu litapotea njiani. Anayetaka majibu lazima atume kutoka kwenye namba: ama namba fupi ya kukodi, ama laini ya kawaida iliyomo kwenye simu ya mapokezi. Kliniki ndogo hutosheka na laini ya kawaida.

Sasa majibu yanaingia. Tuchukue siku moja ya mfano: Alhamisi yenye miadi 11, iliyotumiwa ujumbe kwa namba 10 za simu Jumanne asubuhi, saa 48 kabla. Namba ni 10 kwa sababu mama mmoja ana watoto wawili siku hiyo. Kufikia mchana, majibu manne yamekuja jinsi yalivyoombwa: NDIYO, ndiyo, Ndio, NDIYO na nukta mbele. Hayo ni rahisi. Ukiondoa nukta na nafasi zilizozidi, ukageuza herufi zote kuwa kubwa, na ukaikubali "ndio" sawa na "ndiyo", yote manne yanakuwa kitu kimoja, na kompyuta inaweza kuweka alama "amethibitisha" bila mtu kugusa.

Kabla ya hapo lakini kuna hatua ndogo: kujua aliyejibu ni nani. Jibu halina jina, lina namba tu, na namba hiyo inakuja ikiwa imetanguliwa na +255 au +254, wakati kwenye daftari la mapokezi imeandikwa ikianza na 07 au 06. Ikiwa daftari ni faili la Eksel, huenda sifuri ya mwanzo imeshapotea, kwa kuwa Eksel huona tarakimu na kudhani ni hesabu. Na aliyeiandika kwa nafasi katikati, tatu tatu, ameongeza tatizo. Njia salama ni kuacha mwanzo wote na kulinganisha tarakimu tisa za mwisho, ambazo hazibadiliki Tanzania wala Kenya. Kwenye Eksel, kama namba iko kwenye kisanduku A2, fomula ni hii:

```
=RIGHT(SUBSTITUTE(A2," ",""),9)
```

Namba ya kwenye jibu na ya kwenye daftari zikipitishwa humo zote mbili, zitakutana.

Jibu la tano linasema: "Hapana shida dokta". Binadamu anaelewa mara moja kwamba huyu anakuja. Programu iliyofundishwa kutazama neno la kwanza tu itamfutia miadi, itampa mwingine nafasi yake, na Alhamisi watu wawili watakutana mlangoni kwa saa ileile. "Hamna shida", "hakuna tabu", "haina neno" ni ndugu wa jibu hilo, yote yana sura ya kukataa na maana ya kukubali. Upande wa pili kuna "Ndiyo lakini nimesafiri" na "Sawa ila si Alhamisi", ambayo yanaanza kwa kukubali na kuishia kukataa.

Jibu la sita ndilo lililonifanya niandike makala haya, maana linaonyesha hatari yote kwa mstari mmoja: "Hapana. Limevimba mpaka shingoni siwezi kumeza."

Neno la kwanza ni HAPANA, na maelekezo yalisema HAPANA ni kughairi. Mtambo unaotii maneno utamfuta mtu huyu na kumshukuru kwa kutoa taarifa. Kumbe huyu ndiye mgonjwa aliye hatarini kuliko wote kumi. Usaha wa jino ukishuka chini ya taya na kuelekea shingoni, ukafuatwa na shida ya kumeza, uvimbe unaweza kubana njia ya hewa. Hiyo ni dharura ya kwenda hospitali leo hii, si miadi ya keshokutwa. Anaposema hapana, anamaanisha hawezi hata kungoja hiyo Alhamisi, au ameshindwa kutoka nyumbani.

Kutokana na jibu hili moja tu inapatikana kanuni ninayoiona ya msingi kuliko zote katika kazi hii: mashine ikubali jibu pale tu linapokuwa neno lililoombwa, peke yake, bila kitu kingine. NDIYO peke yake ni ndiyo. HAPANA peke yake ni hapana. Likizidi hata neno moja, jibu haliguswi na mashine. Linawekwa kwenye kapu la kusomwa na mtu, na mtu huyo alisome ndani ya saa moja ya kazi, asiliache mpaka jioni. Watu wa kompyuta mara nyingi hushawishika kwenda kinyume. Wanaongeza maneno kwenye orodha, "sawa", "poa", "inshallah", "nakuja", "siji", wakitaka kapu la mtu libaki tupu. Sioni ubaya kuongeza "sawa" au "ok" likisimama peke yake. Ila kwa kliniki ya miadi 11 kwa siku kapu hilo litakuwa na majibu manne au matano, kazi ya dakika kumi, na dakika kumi hizo ndizo zinazomkamata mgonjwa wa shingo iliyovimba.

Kwenye siku yetu ya mfano, mhudumu wa mapokezi analisoma jibu, anampa daktari, daktari anapiga simu papo hapo. Anauliza kama anapumua vizuri, kama mdomo unafunguka, kama ana homa, na anamwelekeza hospitali ya rufaa. Nafasi yake ya Alhamisi inaachwa wazi kwa sababu hiyo, na kwenye ratiba panaandikwa "amepelekwa hospitali", si "ameghairi". Tofauti hiyo ya maneno ina maana Ijumaa, pale mtu mwingine atakapofungua daftari kutafuta nani apigiwe simu ya kujuliwa hali.

Jibu la saba ni HAPANA safi. Mwenyewe alipangiwa saa 4:00 asubuhi, saa nzima, kwa matibabu ya mzizi wa jino ambayo wengi huyaita ruti kanali. Kanuni inasema mashine inaweza kulipokea, na inafanya hivyo: inaweka alama "ameghairi" na kumjibu, "Tumepokea. Miadi yako ya Alhamisi tarehe 14 imeondolewa. Tutakupigia kukupangia siku nyingine." Jibu hilo la kurudisha ni lazima. Asipolipata, mgonjwa hajui kama amesikika, na wengine hupiga simu, wengine huamua kuja tu ili wasionekane wamedharau.

Angalia nilivyosema "ameghairi", sikusema "amefutwa". Mstari wake ukifutwa kabisa kwenye ratiba, mgonjwa naye anatoweka. Huyu jino lake limefunguliwa wiki iliyopita na kufunikwa kwa dawa ya muda. Dawa hiyo haikuwekwa idumu. Ikilegea, mate na vijidudu vinarudi ndani ya mzizi na kazi ya mwanzo inaharibika. Kwa hiyo jibu la HAPANA linafungua kazi mbili, na kliniki nyingi hufanya moja tu. Ya kwanza ni kuijaza nafasi. Ya pili ni kumpa aliyeghairi tarehe mpya, na mpaka tarehe hiyo iandikwe, jina lake libaki kwenye orodha ya watu wa kupigiwa. Ningependa kila kliniki iione namba hiyo ukutani kila Ijumaa: wangapi walisema hapana, na wangapi kati yao wana tarehe mpya.

Kuijaza nafasi nako kuna utaratibu wake. Orodha ya wanaosubiri haifai ikiwa ni majina na namba tu. Kila jina liwe na muda linalohitaji kitini, umbali wa mtu huyo, na kama anaweza kuja kwa taarifa ya siku moja. Saa nzima iliyoachwa saa 4:00 inaweza kuchukuliwa na mwingine wa ruti kanali, au igawanywe kwa watu wawili wa kuziba jino, nusu saa kila mmoja. Kosa la kawaida hapa ni kutuma ujumbe kwa watano kwa pamoja kwamba nafasi ipo. Watatu watajibu NDIYO, na sasa una watu wawili uliowaahidi kitu ambacho huna. Mpigie mmoja simu. Asipopatikana, subiri kidogo, mpigie wa pili. Kwa kliniki ndogo simu mbili tatu hazizidi dakika chache, na anayepokea anathibitisha papo hapo.

Mama wa watoto wawili amejibu "Ndiyo". Amejibu mara moja kwa jumbe mbili alizotumiwa, moja ya saa 8:00 mchana na nyingine ya saa 8:30. Ndiyo ipi? Mashine nyingi huchukua ujumbe wa mwisho kutumwa na kuufunga huo, kisha ule wa kwanza unaonekana haukujibiwa. Na familia nyingi kwetu hutumia simu moja kwa watu watatu wanne, kwa hiyo si jambo la nadra. Njia niliyoiona ikifanya kazi vizuri ni namba moja kubeba swali moja tu kwa wakati mmoja. Watoto wawili siku moja wanaandikwa kwenye ujumbe mmoja: "Watoto wako wawili wana miadi ALHAMISI tarehe 14, saa 8:00 na 8:30 mchana. Watafika wote wawili?" NDIYO inawathibitisha wote, HAPANA inakwenda kwa mtu wa kuuliza yupi. Na kama mtoto wa pili ana miadi Jumatatu ijayo, ujumbe wake hautumwi mpaka swali la Alhamisi limefungwa.

Namba ya tisa haikuandika chochote. Ilibipu. Mlio mmoja, ikakata. Kompyuta inayosoma SMS haioni kitu kama hicho, ila simu ya mapokezi inakionyesha, na kila mtu hapa anajua maana yake: sina salio, nipigie. Kutuma jibu kwenye laini ya kawaida kunamgharimu mgonjwa, hata kama ni kidogo, na asiye na kifurushi siku hiyo hawezi kujibu hata akitaka. Kubipu kusihesabiwe kuwa ndiyo. Ni ombi la kupigiwa, na anayepigiwa mara nyingi ana la kueleza zaidi ya neno moja, kama vile kuomba asogezwe mbele saa moja kwa sababu ya gari la kutoka kijijini.

Namba ya kumi kimya.

Kimya ni jibu la tatu, na ni hapa ambapo kliniki hugawanyika. Zipo zinazosema asiyejibu amepoteza nafasi. Mimi siungi mkono, na sababu ni ya kimatendo. Taarifa ya mtandao kwamba ujumbe "umefika" inamaanisha simu yake imeupokea. Haisemi kama umesomwa, na wala haisemi umesomwa na nani. Mzee anayesomewa jumbe na mjukuu jioni atajibu jioni, au hatajibu na atakuja tu, kwa kuwa tarehe anaijua tangu alipoandikiwa kwenye kadi. Ukimnyang'anya nafasi kwa kukaa kimya, unamwadhibu aliyetimiza ahadi yake. Utaratibu wa busara ni huu: asiyejibu hadi Jumatano asubuhi anatumiwa ujumbe wa pili, na asiyejibu huo hadi saa 8 mchana anapigiwa simu. Akikosekana hata kwa simu, nafasi yake inabaki yake, ila kwenye ratiba inapewa rangi tofauti, ili daktari ajue asubuhi kwamba hapo pana shaka na amweke karibu mgonjwa anayeishi jirani.

Kenya ilionyesha thamani ya kukifuatilia kimya kwa jaribio mashuhuri, ingawa halikuhusu miadi bali dawa. Kati ya mwaka 2007 na 2008, katika kliniki tatu, zikiwemo ya Pumwani jijini Nairobi na ya Kajiado, watu 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya VVU waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitumiwa ujumbe wa neno moja kila wiki: "Mambo?" Walitakiwa kujibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu shida alipigiwa simu na muuguzi, na asiyejibu kabisa alipigiwa vilevile. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2010: waliotumia dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 kwenye kundi la ujumbe na asilimia 50 kwenye kundi jingine, na waliofanikiwa kudhibiti virusi walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48. Ujumbe haukutaja ugonjwa, haukutaja dawa, na haukutaja kliniki. Mtu yeyote aliyeokota simu ile mezani angeona salamu tu.

Hilo la mwisho linaigusa hata kliniki ya meno. Ujumbe husomwa na mume, na jirani, na mteja dukani. Usiandike anakuja kufanyiwa nini. Na pale jibu linaposema "Umekosea namba", acha kutuma siku hiyohiyo na ondoa namba hiyo kwenye faili la mgonjwa, kwa sababu laini zilizoachwa hugawiwa wateja wapya na sasa unamtangazia mgeni habari za mtu mwingine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Zote mbili zinamhesabu mwenye kliniki ndogo kuwa mtunzaji wa taarifa sawa na hospitali kubwa. Anayejibu kwamba hataki kutumiwa ujumbe naye aheshimiwe, akumbushwe kwa kadi au kwa simu kama atapenda.

Mambo mengine mawili hutokea baada ya majibu kupokelewa. Mgonjwa hubadili nia: Jumanne NDIYO, Jumatano HAPANA. La mwisho ndilo linaloshika, lakini la kwanza lisifutwe, libaki kwenye kumbukumbu na saa lilipoingia. Mtandao nao unaweza kuchelewesha jibu. NDIYO iliyoandikwa Jumatano asubuhi inaingia jioni, wakati mgonjwa mwenyewe ameshapigiwa mchana akasema haji na nafasi imekwenda kwa mwingine. Kwa hiyo kila jibu linaloingia baada ya nafasi kuguswa na mtu, liwe ndiyo au hapana, liende kwenye kapu. Mashine isibadilishe mstari uliokwisha kubadilishwa kwa mkono.

Alhamisi jioni, kiti kikishafunikwa, kuna hesabu ya dakika tano. Miadi iliyotumiwa ujumbe ilikuwa 11. Waliothibitisha, walioghairi, waliopelekwa kwingine na waliokaa kimya, wakijumlishwa, lazima wawe 11. Wakiwa 10, kuna jibu limekwama mahali, na mahali pa kwanza pa kutazama ni zile tarakimu tisa za mwisho. Kisha weka alama kwa kila mmoja: alifika au hakufika. Baada ya miezi miwili utaona kwenye daftari lako mwenyewe wangapi kati ya waliosema NDIYO hawakuja, na wangapi kati ya waliokaa kimya walikuja. Ikiwa wa kimya wanafika karibu sawa na wa NDIYO, wapunguzie simu za Jumatano. Ikiwa waliosema NDIYO hawafiki, soma tena ujumbe unaotuma, ukianzia na saa.